Mfupa wa Bure Kutoka Bucha

Leo nataka tuzungumze kuhusu kile kifurushi cha mwisho anachokufungia mwenye bucha bila kukuuliza pesa. Umenunua nusu kilo yako, umelipa, unageuka kuondoka, naye anakuita: "Na mbwa je, mama?" Anachukua mfupa wa paja au goti la ng'ombe lililokwisha kutolewa nyama yote, anaupiga shoka pale juu ya gogo, anauviringisha kwenye gazeti, anakukabidhi. Hapa Nakuru, kuanzia Rhonda hadi Kaptembwo na Ponda Mali, hiyo ni heshima kati ya muuzaji na mteja wake, na si mimi nitakayeivunja. Ninachotaka ni ujue la kumjibu siku nyingine akikuita, maana mara nyingi palepale dukani pake kuna kitu kingine cha bei ndogo ambacho mbwa wako angetafuna jioni nzima bila kupoteza jino.

Kwanza tukubaliane kwamba mbwa lazima atafune. Mbwa wa ploti, yule anayefungwa mnyororo kutwa na kufunguliwa usiku lango likishafungwa, hana kazi nyingine mchana. Usipompa cha kutafuna atajitafutia, naye hachagui: akala, kamba ya nguo, kipande cha mbao chenye misumari, au jiwe. Kwa watoto wa mbwa hali ni kali zaidi. Wale huwa na meno 28 ya utotoni ambayo huanza kung'oka wakiwa na miezi kama 4, na kufikia miezi 7 hivi meno yote 42 ya utu uzima yameshaota. Katika kipindi hicho fizi zinawasha, na chochote kilicho mbele ya mdomo ni halali yao. Kwa hiyo sitakuambia umnyime mbwa kutafuna. Swali langu ni kutafuna nini.

Sasa twende kwenye huo mfupa wa paja. Nimchukue mbwa mmoja nimwite Bosco, jina ambalo ukiliita kwa sauti katika mtaa wowote wa Nakuru nadhani mbwa watatu watageuka. Bosco wangu si mbwa wa mtu yeyote, ila kisa chake daktari yeyote wa mifugo anayefungua midomo ya mbwa atakitambua. Ana miaka mitatu, ni mkubwa, analinda ploti yenye vyumba kumi. Kila Jumamosi hupewa mfupa wa paja. Anaulalia, anaushika kwa miguu ya mbele, anaulambalamba, kisha anausogeza pembeni mwa mdomo hadi kwenye magego ya nyuma na kuanza kuuminya.

Ukiwa na mbwa mpole, mwinue mdomo wa juu kwa pembeni utazame. Utaona jino moja kubwa kuliko jirani zake wote wa upande ule wa juu, limechongoka, na limebapa upande wa nje. Hilo ndilo gego la kukatia. Linafanya kazi na gego kubwa la chini kama mkasi: moja linapita kando ya lenzake, na kilichopo katikati kinakatika. Umbo hilo limewekwa kwa ajili ya nyama, ngozi na mishipa. Mtu atanipinga na kuniambia, mbona fisi anavunja mifupa ya nyati? Ni kweli, na huko ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru, ng'ambo ya uzio tu kutoka mitaa yetu, fisi madoa wapo. Lakini fisi ana magego mengine ya mbele ya lile la kukatia, manene na ya duara kama pia, yaliyokusudiwa kupondea. Mbwa hana. Juu ya hayo, ile ngozi ngumu nyeupe ya nje ya jino la mbwa, yaani enameli, ni nyembamba mno. Kwa binadamu inaweza kufikia milimita 2 na zaidi. Kwa mbwa kwa kawaida haifiki hata milimita 1.

Mfupa wa paja la ng'ombe ulikuwa umebeba mnyama wa mamia ya kilo, kwa hiyo ukuta wake ni mnene na mgumu sana. Bosco anapouminya kwa nguvu zake zote, kuna kitu lazima kikubali kushindwa, na mara nyingi kinachoshindwa ni jino. Ile sehemu ya nje ya gego la juu inabanduka kama kigae, kipande kimoja kilichobapa, wakati mwingine kikifika hadi chini ya ufizi. Bosco hatalia. Pengine ataruka kidogo, atauacha mfupa kwa dakika chache, kisha ataurudia upande mwingine. Wewe uliye mlangoni hutajua kwamba chochote kimetokea.

Hapo ndipo watu wengi hudanganyika, kwa sababu mbwa mwenye jino lililovunjika haachi kula. Kula kwake si kama kwetu. Atameza ugali wake mzima kwa upande ambao hauumi. Ishara ni ndogo na zinahitaji jicho. Anainamisha kichwa upande mmoja akila. Anadondosha kipande kisha anakiokota. Anakataa kushikwa shavu, mbwa ambaye jana ulimkuna hapo hapo. Na ukilinganisha meno ya pande zote mbili baada ya miezi michache, utaona upande mmoja umejaa uchafu mgumu wa manjano kuliko mwingine, kwa sababu upande ule hatafuni tena, na jino lisilotafuna halijisafishi.

Basi mwinue mdomo utazame pale palipobanduka. Ukiona nukta nyekundu katikati ya jino, au damu kidogo, kiini cha jino kiko wazi na bado kina uhai. Kiini ni ile sehemu laini ya ndani yenye neva na mishipa ya damu. Ukiona nukta nyeusi au kitundu cha kahawia, kiini kimekwisha kufa, na vijidudu vina njia ya wazi kutoka mdomoni hadi kwenye mfupa wa taya. Ukiona pamebanduka lakini hakuna nukta yoyote, una bahati kidogo, ila bado jino hilo lahitaji kuangaliwa.

Tuseme Bosco ana nukta nyeusi na hakuna aliyetazama. Inapita miezi kadhaa. Asubuhi moja anaamka amevimba chini ya jicho la kulia. Mwenye ploti anasema ameumwa na nyuki. Mpangaji wa chumba cha pili anasema amepigwa jiwe na watoto wa shule. Uvimbe unapasuka, usaha unatoka, kidonda kinakauka, na kila mtu anashukuru Mungu. Wiki chache baadaye uvimbe unarudi palepale. Anaitwa mtu wa kudunga sindano, anampa antibiotiki, uvimbe unaisha kabisa, kisha baada ya muda unarudi tena. Sababu ni kwamba mizizi ya lile gego la juu inaishia chini kidogo ya jicho. Usaha wa jino lililooza ndani hupenya hapo kutokea nje. Sindano inatuliza maambukizi ya pembeni, lakini ndani ya jino hakuna damu inayopita, kwa hiyo dawa haifiki. Uvimbe wa chini ya jicho unaokwenda na kurudi kwa mbwa mkubwa, fikiria jino kabla ya kufikiria nyuki.

Matibabu yake si ya kufanyia uani. Jino hilo lina mizizi mitatu iliyosambaa, na haling'olewi kwa koleo. Daktari humlaza mbwa usingizi kamili, hulikata jino vipande vitatu kwa mashine, kila kipande na mzizi wake, kisha hutoa kimoja kimoja. Kuna njia ya kulisafisha na kuliziba ndani ili libaki, lakini inataka vifaa na mtu aliyejifunza kazi hiyo. Kwa hiyo uliza kama aliyekuja ni daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Na tafadhali, ukiwa unangoja, usimpe dawa zako za maumivu. Brufeni na diklofenaki zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo.

Hesabu yake sasa uifanye mwenyewe: mfupa ulikuwa wa bure.

Mtu akinisikia hivi atasema, basi niuchemshe ulainike. Hapo umetoka kwenye shimo moja ukaingia jingine. Mfupa mbichi una vitu viwili vilivyoshikana: madini yanayoupa ugumu, na nyuzi za protini zinazouzuia usivunjike kama glasi. Ukiuchemsha kwa saa nyingi, zile nyuzi zinayeyuka na kuingia kwenye supu. Ndiyo maana supu ya mifupa ikipoa inaganda. Ile supu iliyoganda ndiyo iliyokuwa gundi ya mfupa. Kinachobaki sufuriani ni madini matupu, na kikiminywa hakipindi, kinapasuka kuwa vipande vyenye ncha. Kuchoma kunafanya vivyo hivyo na zaidi, kwa kuwa moto unakausha. Kwa hiyo mbavu za mbuzi zilizobaki mezani baada ya nyama choma, ambazo kila mtu huwarushia mbwa kwa moyo mweupe, ni hatari kuliko zilivyokuwa mbichi.

Kuku nimpe nafasi yake, maana kwake mambo hutofautiana kulingana na kuku mwenyewe. Kuku wa nyama wa wiki tano au sita mifupa yake bado michanga. Kuku wa mayai aliyemaliza kutaga, ambaye hapa kwetu huuzwa kwa wingi akiwa mzee, ndiye mbaya zaidi: kalisi yake imekwenda kwenye maganda ya mayai kwa muda mrefu, na mifupa yake huwa dhaifu, huvunjika hata kabla hajachinjwa. Ukimkaanga, mfupa wa paja lake unapasuka kwa urefu na kuacha ncha mbili ndefu. Wazee watakuambia mbwa wao alikula mifupa ya kuku maisha yake yote. Siwabishii. Mbwa wengi hupona kwa sababu asidi ya tumbo lao ni kali na vipande vidogo huyeyuka. Lakini yule ambaye kipande kilimkwama, hukumsikia akisimuliwa, kwa sababu alikufa ikasemwa amepewa sumu na wezi.

Kipande kikikwama kwenye umio, yaani njia ya chakula, mbwa hunyoosha shingo, hutokwa na mate mengi, hujaribu kutapika bila kutoa kitu, na maji anayokunywa hurudi. Usimsukumie ugali eti ukishushe, wala usimlazimishe kutapika kwa maji ya chumvi. Chenye ncha kikipita mara ya pili hukata mara ya pili. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu ukuta wa umio unaobanwa na mfupa hufa taratibu na kutoboka. Vipande vikishuka hadi utumbo mpana, hukusanyika na kuwa kama saruji. Utamwona akijikamua kwa muda mrefu, akitoa mavi meupe makavu yanayovunjika kama chokaa, pengine na damu. Akitapika juu ya hayo, au akikataa chakula, hilo pia usilicheleweshe.

Kuna mfupa mmoja zaidi ambao lazima niutaje: pingili ya mfupa wa supu, ile duara yenye uboho katikati inayokatwa kwa msumeno. Mbwa anapolamba uboho, duara hupenya kwenye taya la chini na kupita nyuma ya chonge zake mbili. Kuingia imeingia, kutoka haitoki. Anaanza kuzunguka uwanjani akijikwaruza kwa miguu. Usivute kwa nguvu. Paka mafuta ya kupikia kwenye chonge na ndani ya duara, jaribu kuizungusha polepole, na ikikataa mpeleke akalazwe usingizi ikatwe.

Ukifikiri kwamba mfupa uliofungwa kiwandani na kuuzwa supamaketi ni salama kwa kuwa una karatasi yenye picha ya mbwa anayecheka, sikiliza hili. Mwaka 2017, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilieleza kwamba ilikuwa imepokea ripoti 68 hivi za wanyama waliougua kutokana na mifupa ya namna hiyo, iliyokaushwa, kuokwa au kufukizwa moshi, na mbwa 15 walikuwa wamekufa. Matatizo yalikuwa haya haya: kukabwa, kuziba utumbo, kukatwa mdomo. Pakiti haikubadilisha tabia ya mfupa uliopikwa. Kwato na pembe zilizokaushwa nazo nazitia kundi hilohilo. Zina ugumu wa kuvunja jino, na zikishindwa hupasuka kwa ncha.

Kisha kuna kitu ambacho si mfupa, hakivunji jino, hakina ncha, nacho hujaza barabara zetu msimu wa mahindi: guguta. Mtu ananunua hindi la kuchoma pale stendi, anatembea akilipukuchua, anatupa guguta kando ya njia. Linanukia moto na mahindi. Mbwa analitafuna mara mbili, linakatika vipande vya inchi moja, anameza. Guguta haliyeyuki tumboni hata kidogo. Linaweza kukaa tumboni siku nyingi bila dalili, halafu linasogea hadi kwenye utumbo mwembamba na kuziba. Mbwa anatapika kila anachokula, tumbo linamuuma, ananyong'onyea. Picha ya eksirei mara nyingi hailionyeshi vizuri kama inavyoonyesha mfupa, kwa hiyo ukimpeleka mwambie daktari wazi: nadhani amekula guguta. Kokwa la embe hufanya hivyo hivyo. Huku kwetu, ambako mahindi yanatoka Njoro na Bahati yakiwa mabichi, ningeliogopa guguta kabla ya kumwogopa kuku.

Basi, mwenye bucha akikuita, umwambie nini? Mwambie: "Nipe koromeo." Lile bomba linaloshuka kutoka kooni kwenda kwenye mapafu, lililotengenezwa kwa pete za gegedu. Wenye vibanda vya matumbo pia huwa nalo pamoja na mapafu, na watu wengi hawalitaki. Gegedu si mfupa. Linakatika chini ya jino badala ya kulishinda, na likikatika halitoi ncha, kwa kuwa linapinda. Mbwa wa ukubwa wa Bosco atashughulika nalo kwa muda mzuri.

Linahitaji matayarisho, na hapa nakuomba usinipite haraka. Katazame sehemu ya juu, karibu na zoloto. Utakuta vinyama vyekundu vilivyoshikamana na bomba pande mbili. Hiyo ni tezi, nayo ina homoni. Mbwa akila tezi hizo mara kwa mara hupata homoni kupita kiasi: anakonda ingawa anakula sana, anahangaika, anakunywa maji mengi, moyo unakwenda mbio. Zikate uzitupe kwenye choo cha shimo. Upande wa chini, kata mapafu yote. Mapafu na maini mabichi ndiyo yanayobeba mifuko ya maji ya mnyoo ambao mbwa hupata kwa kuyala, kisha binadamu hupata kwa mayai yanayotoka na mavi ya mbwa, na kwa binadamu hiyo mifuko huota kwenye ini na mapafu miaka mingi kabla haijagunduliwa. Turkana imewahi kuhesabiwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani, na sisi hatuko mbali nao. Toa mafuta yanayoning'inia. Kisha lichemshe kwa nusu saa, lipoe. Tofauti na mfupa, gegedu lililochemshwa linazidi kulainika, halipasuki.

Mpe kipande kirefu. Usikikate pete pete, kwa sababu pete moja mbwa mlafi anaimeza nzima. Kipimo changu ni hiki: kiwe kirefu kuliko mdomo wake kuanzia puani hadi usawa wa masikio, na kikibaki kidogo cha kuweza kuingia chote mdomoni, mbadilishie na kipande cha ugali ukichukue. Kubadilishana ni bora kuliko kupokonya. Mbwa aliyezoea kupokonywa hujifunza kumeza haraka, na huko ndiko kukabwa kunakotoka. Kaa karibu naye mara za kwanza ujue kama ni mtafunaji au mmezaji. Mmezaji hafai kupewa koromeo hata liwe refu vipi.

Mmezaji huyo, na mtoto wa mbwa anayeota meno, wape karoti. Sicheki. Karoti nzima mbichi ya Kinangop, iliyooshwa, imelala kwenye maji baridi usiku kucha, inapoza fizi, na haina cha kuvunja jino. Iwe nene, na usiikate vipande vya duara vinavyoweza kuziba koo. Itaisha haraka, mbwa wengine wataipuuza, na itatoka upande wa pili na rangi yake. Ni hivyo tu.

Kwa anayeweza kutoa pesa zaidi, kuna raba ya kutafuna. Mwanzo wa hii inayojulikana zaidi duniani ungewapendeza mafundi wetu wa gereji. Miaka ya 1970 huko Kolorado, Marekani, mtu mmoja aitwaye Joe Markham alikuwa na mbwa wa polisi aliyestaafu, jina lake Fritz, aliyekuwa akiharibu meno kwa kutafuna mawe. Markham akiwa anatengeneza gari la Foksiwageni, alitupa chini kipande cha raba kutoka kwenye suspensheni, na Fritz akaacha mawe yake akakichukua. Markham akabuni chombo cha kutafunia kwa umbo lile. Nisikusikie basi ukienda kuokota bushi kuukuu gereji: ile ina chuma ndani na imelowa oili. Kipande cha tairi la gari nacho kina waya wa chuma, na waya huo ukichomoza hupasua ulimi. Vipande vya ngozi kutoka kwa washona viatu vimetiwa dawa za kiwandani, viache huko. Mpira wa tenisi ni wa kurusha, si wa kutafuna. Ule unyoya wake hushika mchanga na kusaga meno yakawa mafupi.

Ukiwa agroveti umeshika raba mkononi, ibonyeze kwa ukucha wa gumba. Ukucha ukiacha alama au raba ikikubali kidogo, jino litapona. Ukucha ukiteleza kama kwenye jiwe, irudishe. Ukiona aibu kujaribu ukucha, jigonge nayo gotini. Ikiuma, ni ngumu mno. Kipimo hicho kinafaa kwa chochote, hata kwa ule mfupa wa paja, nenda ukajaribu. Ukubwa wake uwe wa kushindwa kuingia mdomoni mzima, na kama mna mbwa wawili wa ukubwa tofauti, nunua ya yule mkubwa. Angalia matundu: yawe mawili, kubwa na dogo. Raba yenye tundu moja inaweza kunyonya ulimi na kuushika hadi uvimbe. Ndani yake shindilia ugali uliochanganywa na omena kidogo, bila kitunguu, kwa sababu kitunguu huharibu damu ya mbwa, kisha umpe wakati unamfunga mnyororo asubuhi. Siku utakapoona imeanza kumeguka vipande, itupe, hata kama ilikuwa ya bei.

Na mifupa ya kuku wa Jumapili? Mimi huwaambia watu waifunge ndani ya mfuko na kuiweka mahali pa juu mpaka siku ya gari la taka, au waizike chini kabisa, kwa kuwa jalala la wazi ni meza ya mbwa wote wa mtaa, na wa kwako ndiye anayejua njia. Mwambie na jirani wa chumba cha pili, yule anayependa kumrushia Bosco kupitia dirishani.